Cheti, vifaa na mteja: Mradi wa ujuzi wa vijana wa delta upimwe kiungo kwa kiungo

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayepeleka samaki kutoka Nyamisati hadi soko la Feri jijini Dar es Salaam hahesabu faida siku anaponunua mzigo. Kwanza hupiga hesabu ya barafu, boti, gari, ushuru na bei atakayoikuta sokoni. Anajua kwamba barafu ikipungua njiani, boti nzuri na gari zima havitamsaidia kitu. Mzigo hufika salama iwapo kila kiungo cha safari kimeshika.

Miradi ya kuwapa vijana ujuzi wa kazi hutumia fedha nyingi kuliko mizigo mingi ya samaki, lakini ni nadra kuhesabiwa kwa namna hiyo. Taarifa ya mwisho husema vijana kadhaa wamehitimu, picha ya vyeti hupigwa, na kitabu hufungwa. Kama mhitimu ana kazi miezi 18 baadaye, na kama angeipata kazi hiyo hata bila mradi, ni maswali ambayo hayaulizwi.

Ukurasa huu unalileta suala hilo kwa wafanyabiashara kwa sababu ni fedha zao. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo iliwahi kuwa asilimia 6 ya mishahara kabla ya kupunguzwa mara kadhaa hadi kufika asilimia 3.5 mwaka 2023. Wenye maduka, boti na magari ya Kibiti ndio wanaotarajiwa kuwaajiri wahitimu au kuwa wateja wao. Mtu anayelipa na kutarajiwa kununua ana haki ya kuuliza mradi unafikaje kwenye faida.

MRADI NI MNYORORO

Wataalamu wa miradi wana chombo wanachokiita nadharia ya mabadiliko. Jina ni kubwa, kazi yake ni rahisi. Unaandika matokeo unayoyataka mwishoni, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye fedha unayotoa leo. Kati ya kila hatua na inayofuata unaandika dhana, yaani jambo ambalo lazima liwe kweli ili hatua moja izae nyingine. Mtaalamu wa Marekani, Carol Weiss, aliyeieneza njia hiyo mwaka 1995, alikuwa na hoja moja kubwa: miradi mingi haipimiki kwa sababu dhana zake zimekaa vichwani mwa waliobuni, hazijaandikwa popote.

Tuijaribu kwa ufundi mmoja unaoeleweka Kibiti, ufundi wa mashine za boti. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, iko takriban kilometa 140 kusini mwa Dar es Salaam kwenye barabara ya Lindi na Mtwara. Upande wake wa mashariki ni delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika kata za huko, kama Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, boti ndiyo daladala, ndiyo gari la mizigo na ndiyo ambalansi. Mashine ikizima, biashara imezima.

Mnyororo wa mradi kama huo unaweza kuandikwa katika mistari michache. Kijana wa delta anajiunga na mafunzo. Anahudhuria hadi mwisho. Anaondoka anajua kutengeneza mashine. Anapata vifaa. Anapata wateja au mwajiri anayeamini ujuzi wake. Kipato chake kinapanda na kinabaki juu. Mwisho, jamii inapata utulivu na biashara inakua.

Kila sentensi hapo inaonekana ya kawaida. Hasara zimejificha katika nafasi zilizo kati ya sentensi hizo.

DHANA YA KWANZA: ATAKUJA, NA ATABAKI

Mafunzo hufanyika penye umeme, karakana na nyumba za walimu, yaani Kibiti mjini, Ikwiriri au Kibaha. Mradi unapotangaza nafasi 100, wa kwanza kujaza fomu ni kijana anayeishi kando ya barabara ya lami. Kijana wa Kiongoroni husikia tangazo limekwishapita, na hata akilisikia mapema anahitaji nauli ya boti, nauli ya gari, mahali pa kulala na chakula. Mradi unaweza kujaza nafasi zake zote bila kumgusa mtu uliyesema umekuja kwa ajili yake. Dalili yake ni nyepesi kuiona. Chukua orodha ya waliojiunga, soma safu ya kijiji anakotoka kila mmoja, kisha hesabu wangapi walihitaji boti kufika darasani.

Akishafika, kuna gharama nyingine ambayo bajeti huisahau. Kijana wa delta si mtu asiye na kazi kwa maana ya kukaa kitako. Anavua kaa na kamba, anasaidia shamba la mpunga, anabeba mizigo gatini. Kipato ni kidogo na hakitabiriki, lakini ndicho kinacholisha nyumba. Siku anapokaa darasani, fedha hiyo haiingii. Kwa hiyo mafunzo ya bure yana bei kwake, na bei hiyo haifanani siku zote za mwezi.

Hapa kalenda ya bahari ina nguvu kuliko ratiba ya chuo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kukupwa sana. Tope na mashimo ya kaa huwa wazi, na mvuvi anayejua kazi yake hataki kuikosa wiki hiyo. Wakati wa maji mafu kazi hupungua. Ratiba inayobana mafunzo yote katika siku mfululizo bila kutazama mwezi itapoteza watu mara mbili kila mwezi, na msimamizi ataandika kwamba vijana hawana moyo. Daftari la mahudhurio likiwekwa kando ya kalenda ya maji, ukweli utaonekana mwezi wa kwanza. Mahudhurio yakianguka kila bamvua, kinachotakiwa kubadilika ni ratiba.

DHANA YA PILI: AMEHITIMU, KWA HIYO ANAJUA

Cheti cha kuhudhuria kinathibitisha kwamba mtu alikuwepo. Hakithibitishi kwamba anaweza kufufua mashine iliyozima katikati ya mkondo saa mbili usiku.

Maji ya delta yana chumvi, mchanga na tope. Mashine ya nje ya boti hupoozwa na maji hayohayo, yanayovutwa na pampu ndogo yenye kibapa cha mpira ndani yake, ambacho mafundi hukiita impela. Tope hukila kibapa, chumvi huganda katika njia za maji, na mashine huanza kuchemka. Dalili ya mapema ni ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine inapofanya kazi. Ukidhoofika au ukikatika, mashine izimwe mara moja. Fundi aliyeiva huutazama mchirizi kabla ya kufungua skrubu hata moja. Aliyefundishwa kwa mchoro ubaoni huanza kubadilisha plagi, na mwenye boti hulipa mara mbili.

Hali ni hiyohiyo kwa mashine zinazochanganya petroli na oili. Oili ikizidi, plagi huchafuka na moshi hujaa. Ikipungua, pistoni hukwama na mashine huwa chuma chakavu. Uwiano sahihi hutegemea mashine na mtengenezaji wake, na mwanafunzi anatakiwa aupime kwa mikono yake mara nyingi hadi asikosee.

Kwa hiyo swali la mfadhili liwe hili: karakana ina mashine ngapi zinazofunguliwa kila siku, na kwa vijana wangapi? Vijana 25 wakizunguka mashine moja, watatu watashika spana na 22 watatazama. Kipimo cha kweli ni kuweka mashine tatu zenye hitilafu zilizotegwa na kumwomba mwenye boti wa Nyamisati, wala si mwalimu wa mradi, aseme ni kijana gani angemkabidhi mashine yake. Jibu lake lina thamani kuliko wastani wa alama.

Kwamba utekelezaji wenyewe ni dhana ya kupimwa, Tanzania ina mfano wake. Shirika la BRAC liliendesha vilabu vya wasichana vyenye mafunzo ya kazi na ya maisha nchini Uganda, na watafiti wakakuta idadi ya wasichana wenye shughuli za kipato imepanda kwa karibu nusu. Mpango huohuo ulipoletwa Tanzania, utafiti uliotolewa mwaka 2017 haukuona mabadiliko ya namna hiyo. Watafiti waliofuatilia walitaja uhaba wa nyenzo na udhaifu wa uendeshaji. Jina la mradi lilikuwa moja na karatasi zake zilifanana, lakini kilichomfikia msichana hakikuwa kilekile.

DHANA YA TATU: UJUZI UTAZAA KAZI BILA MTAJI

Tuseme kijana anajua. Anarudi Msala akiwa na cheti mkononi na hana spana. Fundi asiye na vifaa ni kibarua wa fundi mwenye vifaa.

Ushahidi mzuri kuhusu kiungo hiki unatoka kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo iliwapa vijana waliojiunga katika vikundi fedha taslimu, wastani wa karibu dola 382 kwa kila mtu, ili wajifunze ufundi na kuanza kazi. Kwa kuwa waombaji walikuwa wengi kuliko fedha, waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu, na hiyo iliwawezesha watafiti Blattman, Fiala na Martinez kuwalinganisha na waliokosa. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kununua vifaa na bidhaa, na sehemu ndogo ililipia mafunzo. Baada ya miaka 4, waliopata walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 38, na mtaji wa biashara uliozidi kwa asilimia 57.

Habari haikuishia hapo. Watafiti waliporudi baada ya miaka 9, pengo la kipato lilikuwa karibu limefutika. Waliopata hawakuanguka. Waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kujikusanyia mtaji wao polepole. Maana yake kwa mwekezaji ni kwamba fedha ile iliwawahisha vijana kwa miaka kadhaa, jambo lenye thamani, lakini si sahihi kupiga hesabu ya faida yake kana kwamba itadumu maisha yote.

Nchini kwetu kiungo cha mtaji hutegemea mikopo ya halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mradi wa ujuzi unapoandika kwamba wahitimu wataunganishwa na mikopo hiyo, umeweka dhana mbili ndani ya mstari mmoja. Ya kwanza ni kwamba fedha itakuwepo. Mwezi Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili kupanga upya utaratibu wake, na ilirejeshwa mwaka 2024. Kundi lililohitimu katikati ya kipindi hicho lilikuta mlango umefungwa bila kosa lake. Ya pili ni kwamba kazi yenyewe inafaa kufanywa kwa kikundi, maana vijana hukopeshwa wakiwa kikundi. Ufugaji wa kuku unaweza kugawanywa kwa zamu. Sanduku moja la spana halitumiki na watu watano katika vijiji vitano.

DHANA YA NNE: MTEJA YUPO, NA ANA FEDHA

Hiki ndicho kiungo ambacho msomaji wa ukurasa huu anaweza kukipima vizuri kuliko ofisi yoyote, kwa sababu ni hesabu ya soko.

Hesabu yenyewe ni ya siku chache gatini. Hesabu boti zenye mashine katika vijiji unavyovilenga. Waulize wenye boti mashine huharibika mara ngapi kwa mwaka na hulipa kiasi gani kwa fundi, ukiondoa bei ya vipuri. Zidisha, upate soko lote la ufundi kwa mwaka. Gawanya kwa kipato ambacho fundi mmoja anahitaji ili asiikimbie kazi. Utapata idadi ya mafundi ambao soko linaweza kuwalisha. Kisha ondoa mafundi waliopo tayari.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Boti 200, kila moja ikitengenezwa mara 4 kwa mwaka kwa ufundi wa Sh 30,000, zinatoa Sh milioni 24 kwa mwaka. Fundi anayehitaji Sh milioni 2.4 kwa mwaka anahitaji sehemu ya kumi ya soko hilo. Kwa hiyo soko linalisha mafundi 10. Ikiwa wapo 6, nafasi ni 4. Mradi unaofundisha vijana 25 katika eneo hilo haujatengeneza ajira 25. Umetengeneza nafasi 4, na waliobaki watashusha bei, watawapokonya mafundi wa zamani wateja, au watarudi kwenye kaa. Kwenye taarifa, kijana aliyemnyang'anya fundi wa zamani mteja huandikwa kama mafanikio. Kwa mji mzima hakuna kilichoongezeka, isipokuwa kama ushindani umeleta kazi bora au boti nyingi zaidi majini.

Baada ya wingi wa wateja huja msimu. Fedha ya Kibiti haitiririki sawasawa mwaka mzima. Korosho huuzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani kupitia chama kikuu cha ushirika cha Pwani, CORECU, kuanzia robo ya mwisho ya mwaka. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka kwa mtindo huohuo. Malipo ya mnada yakishuka kwenye akaunti za wakulima, ndipo nyumba zinapopauliwa, nguo zinaposhonwa na pikipiki zinaponunuliwa. Fundi uashi anayehitimu mwezi Machi anaingia sokoni masika yanapoanza, fedha ya korosho imekwisha na barabara zimeharibika. Akihitimu Septemba, anaanza kazi fedha inapoingia. Kubadili mwezi wa kuhitimu hakuhitaji mfadhili mpya, kunahitaji mtu aliyeulizia mnada unafunguliwa lini.

Pia kuna mambo yasiyokuwa mikononi mwa mradi. Mafuriko ya mwaka 2024 katika Rufiji na Kibiti yalizamisha mashamba na kuharibu nyumba. Mteja aliyepoteza mpunga hashoni nguo. Nadharia nzuri huiandika hatari kama hiyo waziwazi, ili mwaka mbaya usihesabiwe kuwa kosa la kijana, wala mwaka mzuri usihesabiwe kuwa ustadi wa mradi.

DHANA YA TANO: SOKO LINAKIAMINI CHETI

Kati ya kujifunzia chuoni na kujifunzia kwa fundi mtaani, kipi kinalipa? Watafiti wa uchumi waliliweka swali hilo kwenye mizani nchini Uganda, wakifuatilia vijana 1,700 na makampuni 1,500 kwa miaka 4, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kundi moja lilipelekwa chuo cha ufundi kwa miezi 6. Kundi jingine liliwekwa kwa waajiri, ambao walilipwa ruzuku ili wawafundishe vijana kazini kwa muda huohuo. Makundi yote mawili yalipata ujuzi unaokaribiana, na yote yaliwazidi vijana ambao hawakupata chochote.

Tofauti ilikuja na muda. Waliofundishwa kazini walipata faida haraka, lakini ikapungua mwaka hadi mwaka. Waliotoka chuoni walianza polepole, kisha wakawapita. Kwa maelezo ya watafiti, kijana wa chuoni alipopoteza kazi alipata nyingine upesi, kwa sababu inaelekea ujuzi wake ulikuwa na uthibitisho ambao mwajiri mgeni angeweza kuusoma. Aliyejifunza kwa bosi mmoja alijulikana kwa bosi huyo tu.

Somo hilo lina uzito Kibiti, ambako fundi wengi wamejifunza gatini au chini ya mwembe. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mtaani hupimwa, huzibwa mapengo yake na hupewa cheti bila kuanza chuo upya, na serikali imeuingiza katika programu yake ya taifa ya kukuza ujuzi pamoja na mafunzo ya uanagenzi. Kwa kijana ambaye tayari anafungua mashine, njia hiyo inaweza kuwa nafuu kuliko kumrudisha darasani.

Hata hivyo, dhana iliyofanya kazi Uganda haihami na kila kitu chake. Utafiti ule ulihusu waajiri wanaoajiri kwa mshahara. Mwenye boti wa Maparoni hasomi cheti, huuliza jirani. Kwake jina ndilo cheti. Karatasi inakuwa na nguvu kijana anapovuka kwenda Dar es Salaam, au anapoomba kazi kwenye kampuni yenye boti nyingi au kivuko. Hivyo mradi lazima uchague na kusema: unamfundisha fundi wa kijijini, au unamfundisha mtu wa kuondoka? Yote mawili ni halali, ila vifaa, cheti na hesabu ya soko vinatofautiana.

HESABU YA VIJANA 100

Sasa tuunganishe viungo, kwa tarakimu za mfano tu. Mradi unagharimu Sh 1,200,000 kwa kijana, na una vijana 100, jumla Sh milioni 120. Wanaoanza kweli ni 80. Wanaomaliza ni 60. Wanaofaulu mtihani wa mashine ni 50. Wanaofanya kazi ya ufundi baada ya mwaka mmoja ni 30.

Taarifa itasema 30. Lakini tuseme waombaji walikuwa 200, nafasi zikapigiwa kura, na mradi ukawafuata pia 100 waliokosa. Kati yao, 18 wamepata kazi inayolingana na hiyo kwa njia zao wenyewe. Hivyo kilichoongezwa na mradi ni kazi 12. Gawanya Sh milioni 120 kwa 12, utapata Sh milioni 10 kwa kila kazi iliyoongezeka. Ikiwa kazi hiyo inampa kijana Sh 150,000 zaidi kwa mwezi, itachukua zaidi ya miaka mitano na nusu kurudisha gharama, na tumeona Uganda kwamba faida inaweza kufifia kabla ya hapo.

Sasa tazama mahali mnyororo ulipokatika. Vijana 20 waliofaulu hawafanyi kazi. Wakiulizwa, tuseme wengi wanataja vifaa. Mradi ukiwapa wote 50 sanduku la vifaa la Sh 400,000 kila mmoja, gharama inaongezeka kwa Sh milioni 20. Wanaofanya kazi wakipanda hadi 42, kilichoongezwa ni kazi 24, na gharama kwa kazi moja inashuka hadi chini ya Sh milioni 6. Gharama inarudi katika miaka mitatu na robo hivi.

Lakini kama wale 20 wangetaja wateja badala ya vifaa, Sh milioni 20 za masanduku zingepotea. Spana haziongezi boti. Ndiyo sababu ya kuandika dhana kabla ya kuandika bajeti: nyongeza ileile ni dawa penye ugonjwa mmoja na hasara penye mwingine.

DHANA YA MWISHO: KIPATO KITALETA UTULIVU

Kibiti ina kiungo kimoja ambacho wilaya nyingine nyingi hazina. Katika miaka ya 2016 na 2017, polisi na viongozi wa vijiji waliuawa katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wakiwemo polisi 8 waliouawa siku moja, Aprili 13, 2017. Serikali ilianzisha kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji. Wafanyabiashara wanakumbuka maduka yaliyofungwa mapema na magari yaliyoogopa kusafiri usiku. Tangu hapo imekuwa kawaida kusikia kwamba ajira ya vijana ndiyo kinga.

Dhana hii nayo ipimwe kama zile nyingine. Katika utafiti ule wa kaskazini mwa Uganda, kipato kilipanda lakini mwenendo wa kijamii wa vijana, ikiwemo ugomvi na kushiriki vurugu, haukuonyesha badiliko la maana. Nchini Liberia, wapiganaji wa zamani waliopewa mafunzo ya kilimo pamoja na mtaji walipunguza muda wao katika kazi haramu. Vita vya Ivory Coast vilipowaka mwaka 2011, waliokuwa wakisubiri awamu ya pili ya mtaji ndio walioonyesha hamu ndogo zaidi ya kwenda kupigana. Kilichowashika ni faida waliyokuwa wakiitarajia mbele yao. Ushahidi huo hausemi kwamba ujuzi hauleti amani. Unasema kwamba cheti chenyewe hakitoshi, na kwamba mradi unaoahidi usalama unapaswa kueleza kwa njia gani, kwa nani hasa, na utajuaje.

Mradi unaweza kuwa na thamani kamili kwa kuongeza kipato peke yake. Kuubebesha mzigo wa usalama wa wilaya nzima ni kuuandikia hasara mapema.

MASWALI YA KUULIZA

Mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayeombwa mchango, vifaa au nafasi ya uanagenzi katika mradi wa ujuzi wa Kibiti hahitaji kusoma taarifa yote. Aombe karatasi moja yenye hatua zilizopangwa na dhana iliyoandikwa kati ya kila hatua. Aulize wangapi wanatoka ng'ambo ya maji, na ratiba inafanyaje wakati wa bamvua. Aulize nani alihesabu boti. Aulize mhitimu anatoka na vifaa au na ahadi. Aulize waliokosa nafasi watafuatwa au watasahauliwa, na simu ya kuuliza kazi itapigwa mwezi wa 6 peke yake au mwezi wa 18 pia.

Kiungo kikikosa jibu, mradi usitupwe kwa sababu hiyo. Fedha ya awamu ya kwanza iwe ndogo, na ielekezwe kwenye kiungo hicho kupimwa kabla ya kundi la pili kuitwa. Mwenye boti hufanya hivyohivyo na mashine mpya: huijaribu karibu na gati kabla ya kuipakia abiria wa Mafia.